Waraka Uliosahau Simu

Ofisi ya utumishi ya mamlaka ya maji ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, makabati manne ya mafaili na mwanamke mmoja ambaye watu walimwita Bi Waraka. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa kila tangazo lililobandikwa ubaoni lilikuwa limepita mikononi mwake: aliyeajiriwa, aliyehamishwa, aliyestaafu, aliyefiwa. Wakurugenzi walikuja na mbwembwe zao wakaondoka nazo, yeye akabaki palepale na kikombe chake kilichovunjika mkono.

Alikuwa na taratibu zake mbili, na ole wake aliyejaribu kuzivunja. Wa kwanza, mtu hasomi habari zake ubaoni kama mpita njia. Lazima asomewe kwanza, mlango umefungwa, apewe nafasi ya kuuliza. Wa pili ulihusu sehemu ya waraka ambayo vijana wa ofisini huiona ni mapambo, ile inayosema nini hakibadiliki. Bi Waraka alijua watu wanavyosoma. Mwambie mtu amepata bosi mpya, hatauliza bosi ni nani. Atauliza mshahara, zamu, likizo na kiti chake. Kisichotajwa huhesabiwa kimekufa, na mazishi yake hufanyika saa hiyohiyo kwenye foleni ya chai.

Ndiyo maana waraka wa fundi maabara ulimchukua siku mbili.

Fundi maabara wa mtambo wa kusafisha maji alikuwa mzee wa miaka hamsini na minane aliyetembea na chupa ya sampuli mfukoni hata akienda benki. Walimwita Mzee Chupa. Kazi yake ilikuwa kupima maji yanayoingia kutoka mtoni na yanayotoka kwenda mjini: tope, klorini, na shabu inayotiwa ili tope litulie chini. Tangu mtambo ujengwe alikuwa chini ya Mkuu wa Uzalishaji, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Mkuu huyo hupimwa kwa wingi wa maji anayosukuma, na Mzee Chupa ndiye wa kusema maji hayafai. Kumweka chini yake ni sawa na kumwajiri mtu akukosoe kisha wewe ndiye umjazie fomu ya tathmini. Bodi ilipoanzisha cheo cha Mkuu wa Ubora, ikaamua maabara ihamie huko. Uamuzi ulikuwa mzuri. Bi Waraka mwenyewe aliuona mzuri, na yeye si mtu wa kusifia bodi.

Aliandika kwamba kuanzia Jumatatu fundi maabara atawajibika kwa Mkuu wa Ubora badala ya Mkuu wa Uzalishaji. Kwamba maombi ya likizo na tathmini ya mwaka vitapitia kwa mkuu wake mpya. Kwamba cheo, mshahara, zamu, masharti ya mkataba na maabara anayofanyia kazi havibadiliki. Mkurugenzi aliusoma akiwa amesimama, akaongeza kwa kalamu nyekundu sentensi aliyopenda kuipachika kila mahali: "Maelekezo yote kwa idara nyingine yatapitia kwa wakuu wa idara." Halafu akasema, "Usizidi ukurasa mmoja, mama. Watu hawasomi."

Siku ya Ijumaa alimwita Mzee Chupa, akafunga mlango, akamsomea mwanzo hadi mwisho. Mzee alisikiliza huku akiizungusha chupa yake.

"Nimeelewa, Dada. Na ile simu ya pampu je?"

Simu ya pampu ilikuwa mazoea ya miaka mingi. Maji yaliyochujwa yakionyesha tope kupita kiwango, Mzee Chupa hupiga simu chumba cha pampu na kusema neno moja, "Zima." Msimamizi wa pampu huzima, huandika saa kwenye daftari, na maulizo hufuata baadaye. Hakuna karatasi yoyote iliyowahi kuandika hivyo.

Bi Waraka alitazama ukurasa wake. Ulikuwa umejaa mpaka chini.

"Kaka, hiyo si inajulikana na kila mtu? Huu ni waraka wa utumishi. Mambo ya mitambo hayahusiani."

"Sawa," alisema Mzee Chupa. "Nimeuliza tu."

Jumatatu waraka ukabandikwa. Kwenye foleni ya chai waliuchambua kama kawaida, wakakubaliana kwamba mzee hajashushwa cheo, na kama hajashushwa basi hakuna habari.

Alhamisi mvua kubwa ilinyesha milimani tangu alfajiri. Saa nne asubuhi mto ulileta tope zito, na kabla shabu haijaongezwa ya kutosha vichujio vikazidiwa. Mzee Chupa alipima mara moja, akapima tena, akanyanyua simu.

"Zima."

Msimamizi wa pampu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuadhibiwa kwa kutofuata waraka, na mtu wa namna hiyo husoma waraka kama mgonjwa asomavyo karatasi ya dawa. "Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Waraka unasema maelekezo yapitie kwa wakuu. Mwambie bosi wako amwambie bosi wangu. Nikizima kwa neno lako, kesho naulizwa mimi."

Ofisi ya Mkuu wa Ubora ilikuwa na meza mpya na kiti kipya, lakini simu ilikuwa haijaunganishwa. Mzee Chupa alitoka mbio, kwa umri wake na kwa mvua ile, akamkuta mkuu wake kwenye matangi ya juu akizungushwa na wenyeji wake kuonyeshwa mabomba. Mkuu huyo naye akaanza kumtafuta Mkuu wa Uzalishaji. Pampu zilizimwa baada ya dakika hamsini.

Bi Waraka alipata habari kwa wifi yake, aliyepiga simu kutoka mjini bila salamu. "Wifi, leo mmetuletea chai ya maziwa bombani? Nimeloweka mashuka meupe, yametoka rangi ya kiatu!" Bi Waraka alicheka nusu, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alikumbuka swali la Mzee Chupa siku ya Ijumaa.

Kikao kiliitwa saa nane. Yeye alikuwa mwandishi wa kumbukumbu, kwenye kona yake ya siku zote. Walikuwepo mkurugenzi, wakuu wawili, msimamizi wa pampu na Mzee Chupa, suruali imelowa mpaka magotini. Kila mmoja alieleza alichofanya, na ajabu ni kwamba kila mmoja alikuwa amefanya sawa na karatasi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mkurugenzi alitafuta jua lake, akalipata limekaa karibu na mlango.

"Fundi, wewe ndiye unayeijua kazi hii kuliko wote. Kwa nini hukuuliza mapema kama utaratibu wa simu unabaki?"

Kalamu ya Bi Waraka iliandika swali lote, ikafika kwenye alama ya kuuliza, ikasimama. Mzee Chupa aliangalia chupa yake. Hakumtazama Bi Waraka, hata kwa jicho la pembeni, na hilo ndilo lililomchoma.

"Sina la kusema, bosi," alijibu.

Bi Waraka naye hakusema kwamba aliulizwa. Tusimpambe: alikuwa na dakika nzima ya kufungua mdomo, akaitumia kupigia mstari tarehe.

Mkurugenzi akaagiza barua ya onyo kwa fundi maabara, ichapwe kabla ya saa kumi. Kwa mtu mwingine onyo ni karatasi. Kwa Mzee Chupa lilikuwa mwisho, maana alikuwa kwenye mkataba unaoongezwa kila mwaka, na mkataba huo ulikuwa unakwisha mwezi uliofuata. Kanuni ni fupi: mwenye onyo la mwaka huo haongezewi. Aliyeijua kanuni hiyo vizuri kuliko wote ni yule aliyetakiwa kuichapa barua.

Alichapa jina la ofisi, akachapa tarehe. Kisha akaitoa karatasi, akaweka nyingine, na akaandika waraka mwingine kabisa. Alipomaliza alivuka uwanja kwenda maabara, akafunga mlango nyuma yake na kusoma.

"Mabadiliko yaliyotangazwa Jumatatu yanabaki: fundi maabara anawajibika kwa Mkuu wa Ubora. Mamlaka yake ya kuagiza chumba cha pampu moja kwa moja kusimamisha maji yanayokwenda mjini, kipimo kinapozidi kiwango, hayajabadilika. Msimamizi wa pampu azime kwanza. Taarifa kwa wakuu itafuata. Mhusika aliliuliza jambo hili kabla ya waraka wa kwanza kutolewa. Kutotajwa kwake ni kosa la ofisi ya utumishi."

Mzee Chupa aliosha gilasi moja, akaifuta, akaiweka kwenye rafu.

"Nilidhani umesahau kwamba nilikuuliza," alisema.

"Sikusahau, Kaka. Nilinyamaza."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, si kwa kusamehe wala kwa kulaumu. "Sasa huyo bwana mkubwa ataukubali?"

Mkurugenzi aliukubali mpaka alipofika kwenye sentensi mbili za mwisho. Hapo akaweka kalamu chini.

"Mama, hizi mbili tuzitoe. Utaratibu umerudi, watu watakunywa maji safi, yamekwisha. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe likifunikwa, bosi, onyo linabaki kwa fundi."

"Lazima libaki kwa mtu. Bodi itauliza."

"Basi bodi iulize vizuri. Aliuliza, nikamjibu haihitaji kuandikwa. Ukurasa ulikuwa umejaa."

Mkurugenzi alikumbuka ni nani aliyeagiza ukurasa mmoja, na sentensi nyekundu ilikuwa ya nani. Bi Waraka aliona amekumbuka. Hakumsaidia kulisema.

"Mimi sisaini waraka unaosema ofisi yangu imekosea," alisema mkurugenzi mwishowe.

"Unasema ofisi ya utumishi. Nitasaini mimi."

"Ukisaini, onyo ni lako."

"Naelewa."

Alisaini palepale, kwa kalamu yake, akaenda kuubandika mwenyewe. Msimamizi wa pampu alikuwa wa kwanza kufika. Aliusoma mara mbili, kisha akaunakili kwenye jalada la ndani la daftari lake kwa herufi kubwa.

Saa kumi kasorobo mkurugenzi alimwita Bi Waraka. Katika jengo lile hapakuwa na mchapaji mwingine wa barua za siri, kwa hiyo akamtajia neno kwa neno huku akitazama nje: kwamba afisa utumishi ameonywa kwa uzembe, kwamba nakala iwekwe kwenye faili lake, kwamba cheo na mshahara havibadiliki. Bi Waraka aliandika, akaenda kuchapa, akarudi na barua na bahasha.

"Isome kwanza," alisema mkurugenzi, sauti imepungua. "Kama kuna la kuuliza, uliza."

"Nimeisoma, bosi," alisema Bi Waraka. "Hakuna kilichoachwa."