Makubazi ya Mkono na Cherehani ya Fundi

Fundi alilaza kubazi la kushoto juu ya la kulia, soli kwa soli, akanipa nipitishe kidole ukingoni. Sikupata mahali ambapo moja lilizidi jingine.

"Andika hilo," akasema. "Andika kwamba mtu hawezi kujua kama yametoka kiwandani au yametoka hapa Nyakato."

Nikaandika. Nilidhani ndiyo sifa kubwa kuliko zote, na yeye alidhani hivyo pia. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha viatu hadi kilipofungwa, na alipoondoka alichukua cherehani moja ya ngozi kama sehemu ya kiinua mgongo chake. Ilikuwa ya chuma, nyeusi, yenye gurudumu la kuzungushwa kwa mkono. Ilikaa dirishani, na kila asubuhi aliifuta kabla ya kujifuta uso.

Miaka ile mitumba ilikuwa imejaa mjini. Mtu alinunua viatu vya Ulaya kwa bei ya kilo chache za dagaa, na wasiokuwa na pesa hizo walivaa ndala za plastiki. Makubazi ya ngozi yalibaki kwa wazee na wachunga ng'ombe. Fundi alikuwa ameshamwambia mkewe kwamba kama mradi wa kanisa hautamletea oda, atauza cherehani na kuanza kufungua marobota ya mitumba kama wengine.

Mradi huo ulikuwa na chumba kimoja upande wa Butimba, chenye kompyuta na simu. Dada aliyeusimamia alikuwa amepata nafasi kwenye soko la mtandao huko ng'ambo, linalouza kazi za mikono. Picha tulizituma kwa posta, wao wakaziingiza kwenye kompyuta zao. Maelezo ya kila bidhaa yalikwenda kwa barua pepe, kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa karani wa ghala la pamba, na Kiingereza nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi. Ndiyo maana kazi ikaniangukia.

Kilichonitatiza tangu mwanzo ni kwamba sikuweza kumwona mnunuzi. Kwa fundi, mteja alivua kiatu, akakanyaga kipande cha boksi, na fundi akauzungushia mguu wake penseli. Huko ng'ambo mguu ulikuwa namba tu. Niliuliza namba hizo hupimwaje, nikajibiwa niandike pia urefu wa soli kwa sentimita, kutoka kisigino hadi ncha, ili mtu apime mguu wake nyumbani. Hilo nilielewa. Mengine sikuelewa.

Nilipompelekea dada maelezo ya kwanza, aliyasoma, akairudisha karatasi mbele yangu.

"Shikamoo tena, baba," akasema, kwa sababu alikuwa anataka kunikosoa.

"Marahaba. Sema tu."

"Hapa umesema yanafanana na ya kiwandani. Ya kiwandani wanayo, wamechoka nayo. Wanataka kujua nani ameyakata, ngozi imelainishwa na nini, na mguu unajisikiaje ukiwa ndani. Waambie yametengenezwa kwa mkono. Waambie hakuna jozi mbili zinazofanana."

"Lakini zinafanana."

"Baba, andika."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Kwetu, kusema kitu ni cha mkono ilikuwa ni kuomba radhi kabla hujalaumiwa. Nikaamua kuanza na lile ninaloweza kulipima, yaani raha ya mguu. Niliazima jozi moja ya namba yangu, nikaivaa kwenda kazini na kurudi kwa siku kadhaa. Mwanzoni mkanda wa kati ulinibana juu ya mguu. Baadaye ngozi ilishika joto, ikalegea, na chini ya kisigino pakaanza kubonyea kidogo, umbo la kisigino changu mwenyewe. Siku moja nilifika nyumbani, nikala, nikaoga, ndipo nikakumbuka kwamba sijaandika lolote kuhusu makubazi. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeyavaa. Nilikaa muda mrefu nikijiuliza nitamweleza vipi mtu sifa ya kitu ambacho kikiwa kizuri hukisikii.

Mwishowe niliandika hivi: ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa magome ya miti, itabana kidogo siku za kwanza, kisha itafuata umbo la mguu wako, isikaushwe juani wala karibu na moto, ipakwe mafuta kidogo ikianza kukakamaa. Nikaongeza yale ya dada: yameshonwa kwa mkono, na hakuna jozi mbili zinazofanana kabisa.

Nilimsomea fundi kwa Kiswahili. Alisikiliza vizuri hadi mwisho, kisha akaweka nyundo chini.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo kwa utani, kwa kuwa sikumaliza hata darasa la nane. "Umewaambia watu kwamba mimi ni mlevi."

"Nimekuita mlevi wapi?"

"Jozi mbili hazifanani. Nani anashona hivyo akiwa na akili zake? Kiwandani, jozi isipofanana ilikatwa katikati kwa kisu mbele ya wote." Akaigeukia cherehani pale dirishani. "Na hii nayo je? Mbona haimo?"

"Dada anasema kwa mkono."

"Gurudumu nazungusha kwa mguu?"

Soli alikuwa akiishona kwa sindano na uzi uliopakwa nta, hilo lilikuwa la mkono bila ubishi. Mikanda alikuwa akiipitisha kwenye cherehani. Nilirudi kwa dada na swali hilo, naye akashika kichwa. Picha moja iliyopigwa ilikuwa inaonyesha cherehani nyuma ya fundi. Alitaka ipigwe nyingine bila hiyo. Fundi aliposikia, alisema basi wampige picha na robota la mitumba, maana ndiko anakoelekea.

Nilikaa na karatasi yangu, nikafuta yale mawili ya dada na kuweka sentensi moja: yamekatwa na kutiwa soli kwa mkono, mikanda imeshonwa kwa cherehani inayozungushwa kwa mkono na fundi aliyefanya kazi hiyo kiwandani. Dada alisema hiyo itatuharibia. Nilimwambia mnunuzi akigundua mwenyewe itatuharibia zaidi. Hakukubali moja kwa moja, lakini aliituma, pamoja na ile picha ya kwanza.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Mke wa fundi alimleta mtu wa kuitazama cherehani. Akalizungusha gurudumu, akasema atarudi.

Kisha dada akatuma ujumbe kwamba ametokea mnunuzi mmoja, na ana swali. Tulikwenda wote wawili, fundi akiwa amevaa shati la kanisani. Dada alisoma kwenye kioo cha kompyuta, akatutafsiria polepole. Mama mmoja alitaka jozi nne, za kwake na za dada zake. Alipenda kwamba ni kazi ya mkono. Alitaka kuhakikishiwa kwamba jozi zote nne zitafanana, na zitakuwa sawasawa na za kwenye picha.

Dada aliisoma mara ya pili, kana kwamba amekosea. Mimi nilitoa kalamu, nikairudisha mfukoni.

"Mwambie zitafanana," fundi akasema. "Na namba za miguu yao ziko wapi?"

Dada alimsomea, naye akaziandika kwenye kiganja, akaondoka mbele yetu kurudi Nyakato, akamwambie mkewe yule mtu wa cherehani asirudi. Mimi na dada tulibaki tukikitazama kioo. Akaniuliza kama abadilishe maelezo, aseme kwamba jozi zote zinafanana. Nilimwambia asubiri kidogo, nifikirie. Bado nafikiria.