Picha ya 386

Guylain Akonkwa alikuwa na jibu kwa kila jambo, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake la kwanza. Studio yake ya mtaa wa Birere ilikuwa chumba kimoja, pazia la bluu na kiti kimoja kisichoyumba. Humo alipiga picha za kadi, za ubatizo, na za watu waliotaka tu kujua kama bado wanapendeza. Mwenyewe alijiita mkurugenzi. Mkurugenzi wa nani? Wa pazia! Hata yeye alilijua hilo, na mara nyingi alijicheka mapema ili wengine wasipate nafasi.

Sasa, mkurugenzi huyu alimpenda Charline, na Charline alikuwa na baba: Muzee Kambale wa mtaa wa Katoyi, fundi wa kuchonga chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayosukumwa yakiwa na mizigo mjini kote. Muzee hakumchukia Guylain. Alimwangalia tu vidole, laini kama vya mutoto mchanga, akauliza, "Mutu anabonyeza kitufe, na ile anaiita kazi?"

Wazazi wa Guylain walikuwa wanangoja ruhusa ya kwenda kujitambulisha kwa muzee, na ruhusa haitoki. Ndipo Guylain, kwa mdomo wake usio na breki, akajitolea. Atapiga picha ya chukudu moja tangu gogo mpaka gurudumu la mwisho lifungwe, picha moja kila dakika, siku tatu, halafu ataziunga ziwe video.

"Iwe dakika moja, nimutumie ndugu yangu wa Butembo kwa WhatsApp," muzee alisema. "Na kazi yangu yote ionekane. Jumapili, kisha misa, utanionyesha. Nikiisha kuona yako kazi, njo nitakupa jibu la wazazi wako."

Basi kamera ikasimama juu ya miguu yake mitatu kwenye kiwanda cha muzee, ikapiga kuanzia IMG_0001 hadi IMG_1500. Hesabu Guylain aliipiga vizuri, tumsifu kwa hilo: picha ishirini na tano kwa sekunde, mara sekunde sitini, ni elfu moja mia tano kamili.

Jumamosi mchana aliketi studioni na Charline pembeni yake. Programu aliyoitumia haina mapambo, unaiandikia amri tu: anza na namba moja, fuata namba za tarakimu nne, weka ishirini na tano kwa sekunde, ukubwa wa nukta 1920 kwa 1080. Akapiga ngumi mezani kama mutu aliyeshinda uchaguzi.

Video ikatoka. Muzee Kambale alikuwa mfupi na mnene kama pipa.

"Huyu ni papa yangu ao ni mutungi?" Charline akauliza.

Picha za kamera zilikuwa 6000 kwa 4000, ndefu zaidi kwa kwenda juu kuliko video, na Guylain alikuwa amezikandamiza kwa nguvu ziingie. Akajikuna kichwa. Akairekebisha amri: kwanza ipunguze mpaka 1920 kwa 1280, bila kuharibu umbo, halafu ikate nukta mia moja juu na mia moja chini, ibaki 1080. Muzee akarudia urefu aliopewa na Mungu.

Lakini video ilidumu sekunde kumi na tano tu. Muzee alichonga magurudumu mbio mbio, akaviringisha gogo la mgongo wa chukudu mpaka karibu na meza, na mwisho. Hakuna chukudu. Ndugu wa Butembo angedhani muzee amefia kazini.

Guylain alilaumu umeme. Akalaumu programu. Akailaumu hata kompyuta, maskini, iliyokuwa haijamkosea mutu. Charline akateremsha orodha ya picha polepole.

"Guylain. Kuko 0385. Halafu 0389. Tatu ziko wapi?"

"Kamera iliruka."

"Kamera yako inajua kuruka?"

Programu ile hufuata namba. Ikikosa inayofuata, inadhani picha zimeisha, inafunga duka. Guylain alilijua hilo vizuri kuliko jina la mjomba wake. Tena alijua zilikokwenda zile tatu: alizifuta kwa mkono wake. Siku ya kwanza, muzee alipomwita amsaidie kupandisha gogo mezani, Guylain alishika upande mmoja kwa madaha, mguu ukateleza, akaanguka chali kwenye maranda, na kamera ikapiga picha saa hiyo hiyo. Ya 386 alikuwa chini, suruali imepasuka. Ya 387 alishika kichwa. Ya 388 alijipukuta. Alizitazama mara moja kwenye kompyuta, nusu jicho, akazifuta. Charline alikuwa ameambiwa hadithi nyingine, kwamba gogo liliponyoka, akalikwepa kama golikipa.

"Mficha uchi hazai," Charline alisema alipoisikia ya kweli, machozi ya kicheko yakimtoka. "Zirudishe."

"Baba yako aone nimeanguka kama gunia? Atanipa ruhusa gani?"

Hakuzirudisha. Alinakili picha zilizobaki kwenye folda nyingine, akazipa namba upya, 0001 mpaka 1497, zisiwe na pengo. Video ikatoka nzuri, pungufu ya dakika kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nani angehesabu?

Jumapili, nyumbani kwake, muzee alivaa miwani, akasogea karibu na kompyuta ya Guylain. Alitabasamu kwa magurudumu. Ghafla akainua kidole.

"Simamisha. Gogo limepanda meza peke yake?"

Guylain alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani jibu halikuwemo.

"Nilisema kazi yangu yote, mutoto wangu. Pale umekata."

"Nimekata, papa." Sauti ilikuwa ya mutu mwingine kabisa. "Nilianguka pale. Nilisikia haya."

"Sasa weka."

Ikabidi. Akazitoa zile tatu kwenye pipa la takataka la kompyuta, akazirudisha kwenye folda ya mwanzo mahali pa namba zake, akaamuru upya. Dakika nne za kungoja. Charline aliangalia dari. Guylain aliwaona wazazi wake wakizeeka bila kuvuka mlango huu.

Video ikaanza. Walipofika pale, mkurugenzi akaanguka, na muzee hakucheka.

"Simamisha tena. Angalia vizuri."

Guylain aliangalia. Siku ile alikuwa amejiona yeye tu, miguu juu, suruali imepasuka. Sasa aliona juu ya kichwa chake, kwa urefu wa kiganja, gogo zima likining'inia, na chini ya gogo bega la Muzee Kambale, shingo imekaza, goti moja chini. Guylain hakukwepa kitu. Alikuwa amezuiliwa kifo, na picha ya aliyemzuilia ndiyo aliyoitupa.

"Papa... hukuniambia."

"Ungefurahi nikuambie? Ulikuwa unaangalia suruali yako tu." Muzee akalisugua bega la kuume. "Linauma mpaka leo. Usiku silali upande huu."

Haya ilimpanda Guylain, na haikuwa ile ya kuanguka. Ile ilikuwa mchezo. Akashika mkono wa muzee kwa mikono yake miwili.

"Wazazi wako waje Jumamosi," muzee alisema. "Na hii itume Butembo sasa, vile iko."

Guylain akaituma yeye mwenyewe, hakukata hata picha moja.