Swali la Katikati

Binamu yangu wa kisiwani Rusinga si mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Hupiga simu, husema shida yake, hukata kabla sijamsalimia mumewe. Kwa hiyo asubuhi ile nilipokuta ujumbe wake mrefu kwenye simu, nikiwa nimekaa hapa nyumbani Migori nikijidai naandika makala, nilishuku hata kabla ya kuubonyeza.

"Owadwa," alianza. Maana yake kwa Kijaluo ni ndugu yetu, na huniita hivyo akitaka kitu. "Habari ya Migori? Niko na maswali matatu. Ya kwanza, hamira imeisha huku, maduka yote. Mama anauliza naweza kuweka nini kwa mandazi badala yake. Ya pili, kuna msichana wa kanisa letu hakumaliza shule. Anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu, kivyake. Anajiandikisha wapi? Kuna mwalimu anamwambia atamwingiza kimyakimya kama mwanafunzi wa shule fulani. Na kama cheti chake cha darasa la nane kiko na jina la baba na kitambulisho kiko na jina la bwana, hiyo ni shida? Usajili unafungwa wiki ijayo. Ya tatu, baba watoto amebishana na watu wa ufuoni. Mpira ukirushwa kwa mikono kutoka nje, mtu anaweza kuwa ofsaidi? Jibu zote kwa voisi moja. Na usipige simu."

Usipige simu. Hapo ndipo shuku yangu ilipovuta kiti ikaketi.

Nilisikiliza tena. Mwanamke huyu anakaanga mandazi ya biashara tangu aolewe. Yeye ndiye aliyenifundisha, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye njaa na jiko la mafuta ya taa, kwamba beking pauda hufanya kazi ya hamira. Leo anataka nimfundishe mimi? Mama anayemtaja ni mama mkwe wake, ambaye hukaa kando ya karai akihukumu kila andazi kabla halijapoa, na sijawahi kusikia akiomba ushauri wa mtu yeyote, sembuse wangu. Kuhusu mpira, ufuo mzima wa Rusinga umejaa marefa.

Nikaamua kwamba kiini ni yule mwalimu. Bila shaka anatafuta wasichana wa kuwadanganya, na binamu yangu, kwa kujua au kutojua, amegeuzwa wakala wake. Nikarekodi jibu kali. Nililisikiliza kabla ya kulituma, na nikamsikia mtu anayehutubia matangani bila kualikwa. Nikalifuta.

Nilipousikiliza ujumbe mara ya tatu, neno moja lilinikwaruza. Bwana. Msichana wa kanisa ana kitambulisho chenye jina la bwana?

Binamu yangu aliacha shule kidato cha tatu akaolewa.

Hapo nikaelewa ni kwa nini nisipige. Simu yake ya vibonye ilitumbukia kwenye karai la mafuta mwezi uliopita, ikakaangwa pamoja na mandazi. Tangu hapo anatumia simu ya mumewe. Na katika boma lile ujumbe wa sauti hausikilizwi sikioni. Huwekwa kwenye spika, watu hunyamaza, kuku hufukuzwa, na mama mkwe huomba urudiwe. Kwa hiyo binamu yangu alikuwa amempa kila mtu swali lake: mama mkwe mandazi, mume ofsaidi. Lake akalificha katikati, likiwa limevaa nguo za msichana wa kanisa.

Kuelewa hakukunipa amani. Nilimkumbuka mumewe kwenye sherehe ya familia, sahani mkononi, mtu alipotania kwamba mkewe angekuwa daktari. "Mke wangu alishafaulu mtihani wake," alisema. "Mtihani ni mimi." Watu walicheka. Binamu yangu alicheka kwa mdomo tu. Neno moja baya kutoka kwangu, na msichana wa kanisa angekosa mtihani mwaka huu, labda na miaka yote.

Kwa kuwa elimu yangu kubwa haijawahi kunifundisha jambo la kumsaidia mtu, nilipiga simu ofisi ya elimu hapa Migori kuhakikisha. Mama aliyepokea akauliza kwa upole wa kutisha, "Mzee, anayetaka kusajiliwa ni wewe?"

"Ni msichana wa kanisa," nikasema.

"Wote husema hivyo," akanijibu, kisha akanieleza vizuri.

Nikarekodi. Nilianza na mandazi, kwa madaha: "Mwambie mama aweke beking pauda, kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha unga. Asisubiri unga uumuke kama wa hamira. Ukande, upumzike kidogo, ukate, ukaange." Kisha, bila kuvuta pumzi, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sukari: "Huyo msichana asimfuate mwalimu huyo. Mtahiniwa wa kujitegemea haingii kwa mgongo wa shule. Aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, pale Mbita, na kitambulisho na cheti cha darasa la nane, vyote halisi. Jambo la majina awaeleze kabla ya kujaza chochote, wakitaka hati ya kiapo ajue mapema. Ada ilipwe kwa mtandao wa serikali, si kwa simu ya mtu. Na akague majina na masomo kabla ya kuthibitisha." Nikamalizia kwa kelele: "Na mwambie shemeji, mpira ukimfikia mtu moja kwa moja kutoka kurushwa, hakuna ofsaidi! Ukishaguswa na mwenzake, hapo tunaanza upya."

Nikatuma. Alama mbili zikageuka buluu. Nilizunguka meza kama mtahiniwa.

Jioni ukaja ujumbe. Sauti ya mumewe.

"Shemeji, asante. Nimewanyamazisha wote ufuoni. Mama anasema hiyo beking pauda alikuwa anaijua." Akakohoa. "Sasa huyo msichana. Nimehesabu wasichana wa kanisa letu. Wenye bwana na wasiomaliza shule, ninamjua mmoja tu, na hapa ninapoongea ananipakulia samaki. Jumatatu nitampeleka Mbita mwenyewe, na pikipiki."

Nilirudia sauti ile mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeipenda. Nitampeleka mwenyewe. Ni msaada au ni kumchunga? Atampeleka ofisini, au atampeleka hadi darajani tu, kabla ya kuvuka kuingia Mbita, wakazungumze? Kwenye rekodi, nyuma ya sauti yake, kijiko kilikuwa kimeacha kugonga sahani.

Jumatatu sikuandika hata sentensi moja. Alasiri simu ikalia. Ujumbe wa binamu yangu, na pikipiki nyuma yake zinapiga honi za Mbita.

"Owadwa, msichana wa kanisa ameandikishwa. Walinituma kwa wakili kwanza kwa sababu ya jina, nikaapa, nikarudi. Nimesoma majina yangu kwa kompyuta mara mbili, yako sawa. Huyu mtu amesimama kwa foleni na mimi tangu asubuhi, anauliza maswali mpaka karani amechoka."

Kisha sauti ya mumewe, karibu na simu, ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana akikitaka:

"Muulize shemeji. Kwa mtihani huo, hesabu ni lazima? Kuna jamaa mmoja wa ufuoni anataka kujua."