Wino Mwekundu wa Chati ya Sikudhani

Kitwana bin Mfaume alikuwa karani wa kunakili katika ofisi ya serikali pale Kisarawe, miaka ile ya hamsini mwanzoni. Kazi yake ilikuwa kuyatoa maandishi kwenye karatasi moja na kuyatia kwenye nyingine, bila kuongeza neno wala kupunguza. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na kwao mihogo na mikorosho ilimsubiri kila Jumapili. Hakuna aliyemjua kwa jambo jingine.

Msimu wa masika yaliyokuwa makali, aliletewa picha mbili ndani ya bahasha. Zilikuwa picha za chati ya wodi, ya binti aliyeitwa Sikudhani, mtoto wa Shomari, mkulima wa upande wa Mlandizi. Binti alilazwa kwa homa ya matumbo katika hospitali moja ndogo ambayo leo haipo tena, akafia humo. Baba yake alikwenda kulalamika kwamba aliambiwa mwanawe anapona, akaondoka, na aliporudi alikuta kitanda kimekwisha kutandikwa upya. Malalamiko yakafunguliwa faili. Chati yenyewe ilikuwa ikipelekwa Dar es Salaam pale lori lilipozama kwenye maji ya Ruvu, na karatasi ikatoka humo ikiwa uji wa wino. Zilizobaki ni picha ambazo daktari wa hospitali ile alizipiga mwenyewe kwa kamera yake, kwa ajili ya kufundishia, kabla hajapanda meli kwenda likizo kwao.

Bwana Mkaguzi aliyekabidhiwa shauri lile alitaka jedwali. Kila kipimo kwenye mstari wake, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, tarehe, saa, joto, mapigo ya moyo, na vizio viandikwe vilevile vilivyochapwa kwenye chati. Joto lilikuwa kwa Farenhaiti, mapigo kwa dakika. Asigeuze kitu.

Kitwana aliinamia picha zile kwa kioo cha kukuzia. Abeid, karani mwenzake wa meza ya pili, alimtazama asubuhi nzima, kisha akamwuliza kama anahesabu chunusi za mtu. Kitwana alicheka, maana kweli chati ilikuwa nukta tupu. Nukta za joto zilisomwa kwa namba za ukingo wa kushoto, nukta za mapigo kwa namba za ukingo wa kulia, na kila aina iliunganishwa kwa mstari wake, ukapanda na kushuka kama njia ya Kisarawe.

Aligundua kwanza kwamba picha ya juu ndiyo ya siku za mwisho, kwa kuwa wodini hubandika karatasi mpya juu ya kuukuu. Akaanza na ya chini. Pale ambapo kipimo kimoja kilirukwa, mstari ulipita hewani hadi nukta iliyofuata, naye hakusoma kimo cha mstari, maana mstari si kipimo. Aliacha nafasi wazi. Saa zilichapwa kwa Kizungu, saa nane mchana ikiwa saa mbili, akaziacha hivyohivyo. Kazi ilikwenda vizuri hadi siku ya mwisho ya Sikudhani.

Siku zote mstari wa joto ulikuwa juu na wa mapigo chini yake. Asubuhi ya siku ile, saa kumi na mbili, joto lilikuwa 103 na mapigo 88. Saa nne mistari miwili ilikutana kwenye nukta moja. Ukisoma kushoto ni 101.2, ukisoma kulia ni 102. Saa nane mchana ilikuwa imeachana tena, mmoja juu, mmoja chini. Saa kumi na mbili jioni imeachana zaidi. Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

Ilikutana, kisha ikafanya nini? Kama iligusana tu na kila mmoja ukarudi upande wake, basi saa nane mchana joto lilikuwa 103.4 na mapigo 80, homa ileile ya siku zote. Kama ilipishana, basi joto lilikuwa limeshuka hadi 99 na moyo ukawa unakimbia 124. Wodini mtu hawezi kukosea, maana joto huandikwa kwa wino wa buluu na mapigo kwa wino mwekundu. Lakini picha haikuwa na rangi. Buluu na nyekundu zote zilitoka nyeusi. Chini ya chati, mahali pa kuandika pumzi na choo cha mgonjwa, kamera ilikuwa imekata.

Kitwana alipanda lori Jumamosi, akaenda kumtafuta nesi aliyeichora chati ile. Aliitwa Mwamini. Alimkuta nyumbani kwake akichambua mchele, na alipoiona picha aliweka ungo chini. Alisimulia kwa sauti ndogo, mikono juu ya magoti. Alisema mistari ilipishana. Alisema wao siku ile, yeye na dresa, msaidizi wa wodi, walifurahi. Wiki mbili walikuwa wakimkanda binti yule kwa maji, na sasa joto linashuka lenyewe. Mapigo aliyahesabu, akayachora kwa wino mwekundu kama alivyofundishwa, lakini hakuna aliyeyatazama. Daktari alikuwa amekwenda kwenye zahanati za mbali. Aliporudi usiku, binti alikuwa amekwisha kufa. Ndipo alipowaonyesha kwa kidole, kwamba katika homa ya matumbo joto likianguka ghafla na mapigo yakapanda, utumbo umepasuka au unavuja damu ndani.

"Mimi ndiye niliyemwambia mzee aende," alisema Mwamini. "Nilimwambia, homa imekatika, kamlete mama yake amwone."

Kitwana alimwuliza kama atakubali kuyasema hayo.

"Nikiulizwa nitasema, kaka. Hawajaniuliza."

Jumatatu Kitwana alipeleka jedwali likiwa na maelezo kwenye mistari miwili ya mwisho. Aliandika namba zote, na chini yake akaeleza kwamba picha haionyeshi rangi, kwa hiyo haijulikani ipi ni joto na ipi ni mapigo. Na kwamba nesi aliyechora yupo, aulizwe. Bwana Mkaguzi alisoma akiwa amesimama. Hakuwa mtu mkali. Alisema maneno ya nesi si sehemu ya picha, na kama kila karani angeanza kusaka mashahidi, faili zisingefungwa. Mstari wa juu ulikuwa joto wiki mbili nzima, basi ni joto hadi mwisho.

"Nataka jedwali, Kitwana," alisema. "Sitaki ramli."

Kitwana alisema kwamba hilo la mstari wa juu ndilo ramli. Alilisema kwa adabu, macho yakiwa sakafuni, na Bwana Mkaguzi akajifanya hakusikia. Kitwana alirudi mezani, akatia karatasi mpya kwenye mashine, akapiga mstari wa saa nane mchana: 103.4, 80. Wa saa kumi na mbili jioni: 104.8, 70. Namba zilikaa kwa unyoofu kabisa, zikafanana na zile za juu yake. Mtu asiyejua asingeona kasoro.

Shomari aliitwa asomewe. Alikuja na mkewe, Mwanamvua, wakaketi kwenye benchi la baraza, na Kitwana ndiye aliyepewa kazi ya kusoma. Alisoma mstari mmoja mmoja hadi mwisho. Kisha Bwana Mkaguzi akaeleza kwamba homa ilikuwa kali tangu mwanzo hadi mwisho, haikubadilika, hapakuwa na jambo ambalo hospitali ingelitambua. Mwanamvua aliinamisha kichwa, akasema ni amri ya Mungu, na ilionekana kwamba mzigo fulani ulimshuka begani. Shomari aliomba asomewe tena mstari wa saa nane mchana. Kitwana akasoma.

"Saa nane nilikuwa nimemshika," alisema Shomari. "Alikuwa amepoa."

Bwana Mkaguzi alimwambia kwa upole kwamba mkono wa baba si kipimajoto.

Faili likafungwa.

Shomari akarudi shambani, lakini habari zake zilifika Kisarawe pamoja na watu wa sokoni. Walisema mzee hagusi watoto tena. Mjukuu wake akilia usiku kwa joto, humwita mkewe aje amshike yeye. Walisema alikutwa siku moja akishika jiwe la juani, kisha la kivulini, kisha la juani. Walioyasimulia hayo walicheka kidogo, kisha wakainua mizigo yao.

Shomari alikuja tena korosho zilipoanza kuanguka. Hakupanda barazani. Alimsubiri Kitwana njiani, mahali anapopita akitoka kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno moja tu."

Alilieleza polepole, kama mtu aliyelibeba mbali. Alisema siku ile alikuwa ametoka kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Maji ya mtungi yalikuwa baridi. Basi alidhani labda ubaridi ule ulikuwa wa mkono wake, si wa paji la mtoto. Lakini akajaribu nyumbani, akaona mkono wa baridi humwona mtu wa moto kuwa wa moto zaidi. Tangu hapo hajui. Akiamini karatasi, basi mkono wake ulimdanganya, na kama ulimdanganya pale, hajui ni mara ngapi umemdanganya. Akiamini mkono, basi karatasi ya serikali imesema uongo.

"Wewe ndiye uliyeiandika," alisema. "Mkono wangu ulikosea?"

Kitwana alifikiria mambo mengi ya kumjibu, na yote yalikuwa na huruma. Akamtazama mzee, akaona kwamba huruma hiyo ingemrudisha kwenye mawe yake.

"Haukukosea, mzee. Alikuwa amepoa."

Kisha akamweleza yote, mistari iliyopishana, wino usio na rangi, damu iliyokuwa ikivujia ndani na joto likaondoka nayo. Alisema alichokiandika mara ya kwanza na alichoamriwa kukiandika mara ya pili. Shomari alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja.

"Basi alipopoa ndipo alipokuwa akifa."

"Ndiyo."

"Nami nilicheka. Nilimwambia mwanangu, unaona, nilikuambia. Njia nzima nilikuwa nikiimba."

Wanawake wawili walipita na kuni, wakatoa salamu, nao wakaitikia wote wawili kama kawaida.

Shomari aliuliza kama nesi yule anajua. Kitwana akasema anajua. Mzee akatikisa kichwa, akasema, maskini, bado msichana mdogo. Kitwana akamwambia kwamba atakwenda tena kwa Bwana Mkaguzi, ataomba faili lifunguliwe, aandike upya mistari ile miwili.

"Usiandike," alisema Shomari. "Mama yake anaiamini karatasi. Inamlaza usingizi. Muachie."

Akavaa kofia yake, akaaga, akaanza kuteremka kilima. Alikuwa na safari ndefu, na Kitwana alimwona akienda mikono ikiwa nyuma, mmoja umeushika mwingine, hadi njia ilipokata kona kwenye mikorosho.