Ng'ombe Walale Walipo

Nilikuwa karani wa boma la Arusha enzi za Mjerumani, mtu wa pwani kati ya watu wasiokuwa na haja nami. Waarusha walinisalimu kwa kuogopa karatasi zangu. Wazungu waliniita kwa kengele. Aliyekaa nami kuzungumza ni mzee mmoja wa Moshono, mfugaji, aliyeniletea maziwa na kunicheka jinsi nilivyoogopa ng'ombe. Basi huyo ndiye aliyekuwa ndugu yangu.

Sotoka ilipoanza kuua ng'ombe, likaja agizo kutoka Dar es Salaam: kila mwenye ng'ombe awakusanye wote nyumbani kwake, wasitoke mpaka daktari wa mifugo afike. Bwana mkubwa wa boma akanituma nikalitangaze, na askari wawili tu kwa mlima wote ule!

Nilianzia kwa mzee wangu. Akashangaa. "Niwakusanye? Wangu wako mahali panne." Ndiyo desturi yao: huweki mifugo yote zizi moja. Unampa rafiki huku wawili, kule watatu, anywe maziwa, ili maradhi yakija yasikumalize. Aliyeandika agizo alidhani ng'ombe hulala anapolala mwenyewe. Tungelitii, njia zote zingejaa ng'ombe wazima na wagonjwa, wakisambaza kile kile tulichotaka kukizuia.

Nikarudi kumweleza bwana mkubwa. "Kazi yako kusoma, si kufikiri," akasema. Laiti angepanda mlima siku moja tu!

Nikatangaza langu: ng'ombe walale walipo, asihame hata ndama. Hilo watu walilikubali bila fimbo, na askari wangu wawili waliliweza, maana walihitaji kulinda vivuko vya mito tu. Sotoka ikaua mazizi machache, ikakwama.

Ikabaki ripoti. Nikisema kweli, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na kazi kwaheri. Nikaandika kwamba agizo limetekelezwa kama lilivyo na ugonjwa umezuiwa. Bwana mkubwa akatia sahihi.

Wakubwa wa Dar es Salaam wakafurahi, wasifurahi kwa nini? Ripoti yangu ikawa ushahidi kwamba agizo lao ni zuri. Likapelekwa wilaya ya jirani neno kwa neno, na karani wa huko, maskini, akalitii.

Mzee wangu alikuwa na ng'ombe sita huko, kwa rafiki yake. Rafiki akalazimishwa kukusanya ng'ombe wake waliotawanyika, nao wakaja na ugonjwa kwenye zizi la wale sita. Hakupona hata mmoja.

Alikuja kuniambia mwenyewe, amechoka, macho mekundu. "Kule hawakuwa na mtu kama wewe," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sikumwambia habari ya ripoti yangu. Tangu siku hiyo, nikisikia anabisha hodi, nilikuwa nakaa kimya ndani, nikijifanya sipo.