Jina Langu Mlangoni mwa Chumba cha Tisa

Mwaka niliofanya mtihani wa Leta, yaani mtihani wa serikali unaotoa diploma ya sekondari, binti yangu naye aliufanya. Yeye alikuwa amemaliza darasa la sita la sekondari, katika shule yenye sare na mkuu mkali tunayemwita prefe. Mimi nilikuwa otodidakte, yaani mtu anayejisomea mwenyewe nyumbani, kisha anaandikishwa kwa wakaguzi ili afanye mtihani pamoja na wanafunzi. Niliacha masomo katika darasa la tano la sekondari kwa sababu ya mimba, na mimba hiyo ndiyo binti yangu. Baadaye nilipata kazi ya kufundisha watoto wadogo katika shule ya parokia mtaani Katuba, tunakokaa. Siku moja mkurugenzi aliniambia kwa upole kwamba bila diploma hawezi kunibakiza. Kwa hiyo nikaanza kusoma, saa kumi na moja asubuhi, kabla ya kuwasha makaa.

Binti yangu hakunizuia. Aliniazima hata daftari zake za pedagojia, yaani elimu ya ualimu, maana sote tulichagua mchepuo huo. Aliniomba jambo moja tu.

"Mama, usiambie bantu. Bale ba shule yangu batanicheka."

Nilimwambia sawa, sitawaambia watu. Sikuona ubaya wowote.

Insha ya Kifaransa, ambayo hutangulia mtihani wenyewe kwa majuma kadhaa, niliiandikia katika shule moja kubwa ya Katuba, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Msimamizi alituambia kwamba na siku nne za mtihani wenyewe tutazifanyia hapohapo. Nikaliweka hilo kichwani kama jambo lililokwisha.

Mtihani ulikuwa uanze Jumatatu. Jumamosi, kama ilivyo desturi, orodha za watahiniwa zilibandikwa kwenye milango ya vyumba ili kila mtu ajue atakaa wapi. Binti yangu alitoka mapema na wenzake, akaenda kutazama chumba chake katika kituo ilichopangiwa shule yao, huko Kamalondo, mtaa mwingine. Mimi nilimaliza kufua, nikavaa kitenge kizuri, nikachukua karatasi yangu ya kuandikishwa pamoja na kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, nikaenda kwa miguu hadi shule ile ya insha. Baridi ya Juni ilikuwa bado haijaondoka barabarani, na vumbi lilikuwa jekundu hadi kwenye majani ya miti.

Mlinzi wa lango alinyoosha mkono kunizuia.

"Mama, bazazi habaingie leo. Ni bakandida tu."

"Njo miye kandida," nilimjibu, kwamba mtahiniwa ni mimi, si mzazi.

Alinitazama usoni, akatazama karatasi, kisha akasogea kando. Nilipita haraka.

Nilianza na mlango wa kwanza. Kila orodha ilikuwa na namba ya mfululizo, majina, mchepuo na ile namba ndefu ya mtahiniwa. Nilisoma kwa kidole, chumba hadi chumba, hadi cha mwisho. Sikuwemo. Nikadhani nimeruka mstari, nikarudia yote. Vijana walikuwa wanapata majina yao, wanayapiga picha kwa simu na kuondoka wakicheka. Mara ya tatu nilisoma kwa kunong'ona. Niliwaza kwamba wamenifuta, kwamba kuna karatasi niliyokosa kupeleka.

Mkuu wa kituo alikuwa ofisini pamoja na katibu wake, wakihesabu madawati. Alipokea karatasi yangu, akafungua orodha ndefu, akatafuta kwa namba badala ya jina.

"Mama, hauko huku," alisema. "Otodidakte ba pedagojia balibahamisha. Bantu balikuwa bengi sana. Uende Kamalondo." Akanitajia shule. "Tangazo liko ku bureau ya inspection tangu Jumatano."

"Hakuna mutu alituambia," nilisema; ofisi ya wakaguzi sikuwa nimepita juma lile.

"Njo maana tunasema kila kandida akuje kuangalia. Ungekuja huku Jumatatu asubuhi, ungefika kule bakishafungua bahasha ya maswali. Na hapo hakuna mutu anaingia tena."

Nilimshukuru. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikatambua kwamba shule aliyonitajia ndiyo kituo cha binti yangu.

Nilipanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa nafikiria ahadi yangu kwake, na namna ya kupita asinione. Lakini kituo kingefungwa saa sita, na ilikuwa tayari saa tano na nusu. Sikuweza kusubiri hadi Jumatatu bila kukijua chumba changu.

Nilimkuta uani, amesimama na wasichana watatu wa darasa lake. Mmoja wao aliniona kwanza, akanisalimia kwa heshima, akamuuliza binti yangu kama mama amekuja kumfuata.

"Ndiyo," binti yangu akajibu haraka. "Amekuja kunitafuta. Twende, mama."

Alinishika mkono kunivuta kuelekea lango. Karatasi yangu ilikuwa kiganjani, nimeikunja mara nne. Ningeweza kutoka naye. Nilisimama.

"Ngoja kwanza," nilimwambia polepole. "Balinihamishia huku. Sijaona jina yangu."

Wasichana waligeuka kunitazama. Nilikwenda kwenye mlango uliokuwa karibu, nikaanza kusoma, ingawa macho yalikuwa hayashiki herufi. Nyuma yangu nikamsikia akija.

"Si hapo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Otodidakte bako nyuma. Salle ya tisa, mustari ya kumi na ine."

Nikageuka. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ulijuaje?"

"Niliiona asubuhi. Tulikuwa tunapita milango yote."

Asubuhi. Wakati ule mimi nilikuwa Katuba nasoma orodha kwa mara ya tatu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa chaji.

"Na haukunipigia."

"Ningekuambia leo nyumbani."

Nilikwenda nyuma peke yangu. Jina langu lilikuwepo mlangoni mwa chumba cha tisa, mstari wa kumi na nne, na herufi moja imekosewa. Nilimtafuta katibu wa kituo, akalinganisha na kadi yangu, akasahihisha kwa kalamu na kutia sahihi pembeni. Kisha nikaingia, nikatazama madawati, nikatoka nikihesabu hatua hadi langoni. Nilifanya yote kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi ya mwingine.

Jioni ile tulikula, nikaosha sahani. Nilitaka kumwuliza kama kweli angeniambia. Niliogopa kwamba angesema ndiyo na nisimwamini, au angenyamaza. Jumapili nilipiga pasi sare yake na blauzi yangu, nikazitundika pamoja.

Jumatatu tulitoka wote saa kumi na mbili. Tulipofika karibu na lango, aliongeza hatua akanitangulia, nami nikamwacha aende. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu, alipofika kwa wenzake alisimama, akanisubiri, akawaambia, "Mama yangu naye anafanya. Iko salle ya tisa." Msichana mmoja aliniuliza kama swali la sosholojia la jana lilinishinda kama lilivyomshinda yeye. Nikamwambia lilinishinda.

Sote wawili tulipata diploma. Nilibaki kazini, na yeye sasa anasoma chuoni. Huwa ananipigia simu kila Jumamosi, ananiuliza watoto wa darasa langu wanaendeleaje. Swali lile la jioni ile, kama kweli angeniambia, bado sijamwuliza. Kuna siku simu inalia na ninachelewa kidogo kuipokea.