Chupa ya Wivine

Jambo la kwanza watu waliloliona kwa Wivine lilikuwa macho yake, meupe yaliyoingia umanjano. La pili lilikuwa chupa yake. Ilikuwa chupa ya limonadi iliyozibwa kwa gunzi la hindi, na aliinywea hata katikati ya hesabu. Darasa la sita la shule ya masista, hapa Élisabethville, lilikubali kila kitu kuhusu macho hayo. Chupa ndiyo iliyowashinda.

Juni ya 1954 baridi ilikuwa kali. Asubuhi pumzi zilitoka midomoni kama moshi wa treni. Alhamisi moja walikuwa wakifagia uwanja wa shule; kesho yake ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na wasichana wote wangekwenda Misa alfajiri kwa miguu wakiwa wamefunga tangu usiku wa manane.

“Na we, kesho utabeba ile chupa?” Kapinga aliuliza. Baba yake alikuwa karani kutoka Kasai, naye alikuwa mkuu wa darasa. Ukuu huo aliuvaa hata wakati wa kucheza.

“Nitabeba. Mayi haivunji kufunga. Padri alisoma barua ya Papa mwaka jana.”

“Padri alikuwa anakohoa,” Kapinga alisema. “Hatukusikia muzuri.”

Na kweli, hakuna darasa lililowahi kuikataa ruhusa kwa bidii kiasi hicho. Kukaa bila tone la maji ndiyo ilikuwa fahari yao. Kama mapadri walitaka kulegea, walegee wao.

“Juu ya nini unakunywa hivyo?” aliuliza Brigitte, mwenzao wa darasa. “Na juu ya nini unakaa chini wakati shiye tunafagia? Iko bulozi, balikuroga?”

“Haiko bulozi. Iko damu.”

Wivine alivunja bua la jani la mpapai, akapuliza vumbi ndani yake. Kisha akachukua punje za rozari yake iliyokatika, akaziachia kwenye tundu la juu. Zikatokea chini moja moja, bila ugomvi.

“Hii ni damu yenu. Iko muviringo, inapita.” Akatoa pini za nywele, akazipinda kama mundu, akazisukuma ndani. Tatu zilikwama, na punje iliyofuata ikakwama nyuma yake. “Hii iko yangu. Si yote, si kila saa. Nikipata baridi, ao nikikimbia sana, ao nikikosa mayi, inapindika. Inaziba mushipa mudogo. Kwenye inaziba, mufupa unalia.”

“Nani alikuambia?” Kapinga aliuliza.

“Munganga wa hospitali. Alifungia tone la damu chini ya kioo, hewa isiingie. Kesho yake aliniita nione. Zilikuwa mundu tupu.” Akaendelea kwa sauti ya mtu aliyewahi kueleza bila kusikilizwa. “Zinakufa mbio kuliko zenu, ndiyo maana nachoka, na macho inageuka. Mayi haiponyeshi. Inasaidia damu isikauke.”

“Inaambukiza?” Brigitte alisogea nyuma kidogo.

“Hapana. Nilizaliwa nayo. Baba alitoa nusu, mama alitoa nusu. Beye benyewe habaumwi.”

Kapinga aliokota bua, akachungulia. Alionekana kuridhika, kama hakimu aliyesikia kesi nzuri. “Basi kunywa,” akasema. “Lakini ukikunywa, usipange mustari na shiye. Utakaa nyuma, na batoto badogo.”

Wengine waliokota fagio zao. Wivine alingoja mmoja wao amtetee.

Alfajiri aliiacha chupa nyumbani, juu ya sanduku, imejaa.

Walitembea nusu saa gizani. Kanisani alipiga magoti kwenye saruji baridi, katikati ya mstari, mabega yake yakigusa la Kapinga upande huu na la Brigitte upande ule. Kulikuwa na joto pale. Aliponyanyuka kwenda kukomunika, vidole vilianza kuuma. Alipokomunika, ilikuwa miundi ya miguu. Kurudi kwenye benchi hakukumbuka.

Masista walimfunga blanketi, wakamkimbiza hospitalini. Siku tisa alilala na maji ya chumvi yakiingia mshipani tone kwa tone, vitambaa vya moto miguuni, na dawa ya maumivu iliyochelewa kila mara kuliko maumivu. Mama yake alikaa pembeni akishika kikombe. “Kwa nini uliiacha chupa?” aliuliza mara moja tu. Wivine aligeukia ukutani.

Aliporudi shuleni, chupa tano za maji zilikuwa zimepangwa dirishani mwa darasa, zote zake. Kapinga alikuwa ametunga sheria: Wivine asiguse ufagio, asikimbie, akae kwenye benchi la juani, na asisumbuliwe na mtu.

“Tulielewa sasa,” Kapinga alisema, na alisema kweli. Akamwekea koti lake mabegani, akarudi mbio kwenye mchezo wa kamba.

Jua lilikuwa zuri. Wivine alikunywa chupa ya kwanza akiwahesabia wenzake miruko. Hakuna aliyekuja kumsumbua. Akafungua ya pili.